Nani Ameanza? Kogo na Tarakimu Sita

Barua pepe ya Kogo haikufunguliwa na Kogo. Ilifunguliwa na kijana wa sayba pale Kesses, miaka ile Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ilipohamishia shughuli zake kwenye mfumo wa iTax na kila mwenye PIN akatakiwa kuwa na anwani ya barua pepe. Kogo ni bibi yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na siku hiyo alikaa kwenye benchi pamoja na wenzake wa rika lake. Zamu yake ilipofika akatoa kitambulisho, kijana akaandika alichoandika, akabuni nenosiri, akalinakili kwenye kipande cha karatasi, akalipwa pesa zake. Kogo akarudi nyumbani akiwa na barua pepe ambayo hakuwahi kuifungua hata mara moja.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua. Ana vyumba anavyopangisha wanafunzi, si mbali na lango la Chuo Kikuu cha Moi, na ushuru wa mapato ya pango hutakiwa kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kila mwezi alipita kwa yule kijana, na yeye akamalizia kila kitu, kwa sababu manenosiri ya wateja wake wote alikuwa ameyaandika kwenye daftari lake mwenyewe. Kisha sayba ikafungwa na kijana akahama. Aliyempokea kwenye sayba nyingine akauliza nenosiri la iTax. Halikuwepo. Ukilisahau, iTax hutuma maelekezo ya kulibadilisha kwenye barua pepe uliyosajili. Na barua pepe hiyo nayo nenosiri lake lilikuwa kwenye karatasi iliyopotea zamani.

Nilipofika kutoka Eldoret nilimkuta amekwisha kuomba msaada. Mtu mmoja katika kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisani alikuwa ametuma nambari ya simu, akisema ni ya "huduma kwa wateja wa Google" na kwamba imemsaidia jamaa yake. Kogo aliipigia. Sauti ya mwanamume mwenye adabu ikamwitikia, ikachukua anwani yake ya barua pepe, ikamwambia atume ada ndogo, kisha asubiri kupigiwa ili "wathibitishe akaunti pamoja".

"Ni kijana mwenye heshima," Kogo aliniambia. "Ameniita mama kila mara."

Kabla ya kugusa simu nilimweleza jambo moja tu. Google haina nambari ya kupigia ili urudishiwe nenosiri, wala haina wakala, si Nairobi, si Eldoret, si kwingineko. Kampuni yenyewe imeandika wazi katika kurasa zake za msaada kwamba haishirikiani na huduma yoyote inayodai kurudisha akaunti au nenosiri. Kazi hiyo hufanywa kwenye ukurasa wake wenyewe, bila malipo, na anayejibu ni mtambo. Kwa hiyo yule kijana mwenye heshima, hata kabla hatujamjua ni nani, tulikwisha kujua si nani.

Kogo alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mwalimu angeuliza. "Kama hana uwezo wa kuifungua, barua pepe yangu aliitakia nini?"

Swali hilo ndilo lililokuwa somo lenyewe, na sikumjibu kwa maneno. Kogo ana simu mbili: ile ndogo ya vitufe, mulika mwizi, iliyo na laini yake ya M-Pesa, na simu kubwa aliyonunuliwa na mjomba. Nilimpa mulika mwizi aishike mkononi. Mimi nikachukua simu yangu, nikafungua ukurasa wa kuingilia wa Google, nikaandika anwani yake ya barua pepe, ile ile aliyompa yule mtu, kisha nikabonyeza `Forgot password?` Google ikaniuliza kama itume ujumbe kwenye nambari inayoishia na tarakimu mbili ilizonionyesha. Nikakubali. Punde mulika mwizi ikalia.

"Soma," nikamwambia.

Ulikuwa ujumbe unaoanza na herufi G na kistari, kisha tarakimu sita, ukisema kwamba huo ni msimbo wa uthibitisho wa Google na usimpe mtu yeyote.

"Umetoka Google kweli?"

"Kweli kabisa, Kogo. Si wa bandia. Lakini nani ameuomba?"

Akaniangalia, akaiangalia simu yangu, kisha akacheka kwa uchungu. Alikuwa ameona. Mkora hahitaji kuvunja mtambo wowote. Anahitaji anwani yako, ambayo si siri, halafu anabonyeza kitufe ambacho mtu yeyote duniani anaweza kubonyeza. Google inatuma tarakimu kwa mwenyewe halisi. Kinachobaki ni mkora apige simu na kuzisomewa. Ujumbe unaoingia ni wa kweli, na hapo ndipo wazee wengi hunaswa, kwa maana tumewafundisha kuogopa ujumbe wa uongo ilhali huu si wa uongo. Aliye wa uongo ni yule anayeuulizia.

Kwetu mgeni hupiga hodi, na mwenye boma ndiye anayeamua kufungua. Nilimwambia Kogo kwamba Google haipigi hodi kwa mtu. Sisi ndio tunaokwenda mlangoni kwake. Kwa hiyo kila tarakimu zinapoingia, kila simu inapolia, kila kiungo kinapotumwa, kuna swali moja la kuuliza kwanza: nani ameanza? Kama ni mimi niliyeanza, dakika hii, kwa mkono wangu, tarakimu nitaziandika mwenyewe kwenye ukurasa nilioufungua. Kama si mimi, kuna mtu mwingine anayejaribu kuingia, na dawa yake ni kunyamaza. Tarakimu zisipotumika hupoteza nguvu, na yule mtu anabaki nje.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kazi yenyewe, tukiwa nyumbani kwake na kwenye simu yake kubwa. Hilo halikuwa jambo la kujipendea. Google hupima kama anayeomba kurudishiwa akaunti anafanana na mwenyewe: je, anatumia kifaa ambacho akaunti iliwahi kutumika kwacho, kivinjari kile kile, mahali pale pale alipozoea kuwa? Mtu yule yule, akiwa na majibu yale yale, anaweza kukataliwa kwenye kompyuta ya sayba asiyowahi kuitumia na kukubaliwa sebuleni kwake. Kwa akaunti ambayo Kogo hakuwahi kuifungua faida hiyo ilikuwa ndogo, lakini sayba ina hatari nyingine: ni mahali ambapo nenosiri jipya linaweza kubaki kwenye mashine ya mtu mwingine.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa nenosiri. Kogo alifungua Gmail kwenye simu yake nayo ikafunguka bila kuuliza chochote. "Mbona iko wazi?" Tukatazama anwani iliyo juu. Haikuwa ile. Aliyeiandaa simu dukani alikuwa amemfungulia akaunti mpya ili duka la programu lifanye kazi, kwa hiyo Kogo alikuwa na akaunti mbili zenye jina lake na hakujua kwamba kuna ya pili. Hali hii ni ya kawaida mno, na mara nyingi familia hupoteza siku nzima ikihangaikia akaunti isiyohusika. Anwani sahihi tuliipata kwenye karatasi ambayo Kogo ameihifadhi vizuri ndani ya faili pamoja na hati ya shamba: cheti chake cha PIN ya KRA. Cheti hicho huchapishwa kikiwa na anwani ya barua pepe ya mlipa ushuru. Tukailinganisha herufi kwa herufi. Ilikuwa ile ile aliyokuwa amemtajia mtu wa simu, isipokuwa sasa tuliiona kwa macho, pamoja na nukta katikati ya majina mawili na tarakimu mwishoni.

Kwenye kivinjari nilimtaka Kogo aandike anwani ya ukurasa kwa kidole chake, asiitafute kwa maneno. Ukitafuta "namna ya kurudisha akaunti ya Google Kenya" unaweza kuletewa matangazo na nambari za simu za watu wa aina ya yule mwenye adabu. Ukiandika mwenyewe unafika unakotaka:

```
accounts.google.com/signin/recovery
```

Nilimwonyesha pia jinsi ya kuisoma anwani hiyo. Tafuta mkwaju wa kwanza, kisha soma maneno yanayougusa upande wa kushoto. Hapa yanasema `google.com`, basi tuko kwa Google. Kama yangesema `accounts.google.com.msaada.example/`, jina la Google lingekuwepo, ila haligusi mkwaju. Mwenye ukurasa ni yule anayeugusa. Kogo, aliyesahihisha imla miaka mingi, alilishika jambo hili upesi kuliko wajomba zangu.

Kuanzia hapo tulikuwa na sharti moja: mimi sigusi simu. Yeye anasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini, ananiambia kwa maneno yake kinataka nini, ndipo anabonyeza. Ilichukua muda. Mjukuu akinyakua simu na kumaliza kwa dakika mbili, bibi hujifunza kwamba nenosiri hurudishwa na mtu mwingine mwenye haraka, na hilo ndilo somo ambalo mkora anataka awe nalo.

Ukurasa uliuliza kwanza nenosiri la mwisho analolikumbuka. Kogo alitaka kuruka. Nilimwambia asiruke, kwa sababu hata nenosiri la zamani husaidia, na kukisia ni bora kuliko kuacha wazi. Akaandika jina la mwanawe wa kwanza na mwaka, mtindo ambao watu wa sayba wa wakati ule waliupenda. Hatukuambiwa kama ni sahihi au la. Kisha Google ikasema inaweza kutuma msimbo kwenye nambari inayoishia na tarakimu mbili. Kogo alizitambua: ni zile zile za mulika mwizi. Hapo tulikuwa na bahati ambayo wengine hawana. Kama zingekuwa za mtu wa sayba au za laini iliyokufa, tungebonyeza `Try another way` na kuona kama kuna njia nyingine, kwa mfano barua pepe ya pili.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma nilimuuliza: "Nani ameanza?"

"Mimi."

"Basi tuma."

Tarakimu zikaingia kwenye simu ndogo, akaziandika kwenye simu kubwa, akiwa amevaa miwani na kuzitamka moja moja. Ukurasa ukamtaka nenosiri jipya. Hatukutaka jina la mtoto wala mwaka. Nilimwomba achague maneno manne ambayo hayana uhusiano, vitu anavyoviona kila siku lakini ambavyo hakuna anayeviweka pamoja, na kuyaunganisha. Nenosiri refu la maneno ni gumu kwa mtu kulikisia na ni rahisi kwa mzee kuliandika bila kukosea. Akaliandika kwenye daftari la mazoezi, nalo likaingia kabatini. Wapo watakaosema nenosiri lisiandikwe popote. Kwa mtu anayeishi Kesses na kuandamwa na wakora walio mbali, karatasi iliyo ndani ya kabati lake ni salama kuliko nenosiri moja jepesi linalotumika kila mahali, mradi PIN ya M-Pesa isiandikwe kwenye daftari hilo.

Akaunti ilifunguka. Wengi huishia hapo, na kumbe kazi imefika nusu. Tulikwenda kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya `Security`, tukasoma jinsi Google inavyomtambua mwenyewe. Nambari ya simu ilikuwa ya Kogo. Lakini kwenye `Recovery email` palikuwa na anwani tusiyoijua, yenye jina la sayba. Aliyeifungua akaunti alikuwa ameweka anwani ya kazini kwake kama njia ya dharura. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa akirahisisha kazi yake. Lakini miaka yote hiyo, mtu yeyote mwenye anwani ile angeweza kujaribu kulibadilisha nenosiri la Kogo na kuingia kwenye akaunti yake. Tuliifuta, tukaweka ya binti yake. Tukatazama pia orodha ya vifaa kwenye `Your devices` na kuondoa kile tusichokitambua. Google inaweza kuruhusu njia ya dharura ya zamani iendelee kutumika kwa siku 7 baada ya kubadilishwa, ili kumwokoa mwenyewe iwapo mwizi ndiye aliyebadilisha. Kwa upande wetu hiyo ilimaanisha kwamba kwa juma zima Kogo afungue Gmail mara kwa mara na kuangalia kama kuna taarifa ya mtu kuingia.

Baada ya hapo iTax ilikuwa jambo dogo. Tukaomba kubadilisha nenosiri, maelekezo yakaja kwenye barua pepe, Kogo akayafuata. Huu nao ulikuwa ujumbe wenye kiungo, na aliniuliza kama si mtego. Nikamrudishia swali lake. Akajijibu: "Nimeuomba mimi, sasa hivi." Akabonyeza.

Jioni ya siku iliyofuata yule mwenye adabu alipiga simu. Kogo aliiweka kwenye spika. Mtu huyo alisema amemtumia msimbo na amsomee ili amalizie. Kweli mulika mwizi ilikuwa imelia muda mfupi kabla, tarakimu sita, halali, kutoka Google. Kogo akamwuliza kwa upole wa darasani: "Huo msimbo nimeuomba lini?" Mtu akasema mama, haraka, akaunti itafungwa usiku huu. Kogo akakata simu. Baadaye aliniambia kilichomsadikisha si msimbo, bali haraka. Tulizuia nambari hiyo. Ujumbe wa M-Pesa aliokuwa ametumiwa wa kudai ada tuliupeleka kwa 333, nambari ambayo wateja wa Safaricom hupeleka jumbe za utapeli bila malipo.

Kogo aliniambia nimsomee hatua zote tena, naye akaziandika kwa mwandiko wake wa ubaoni. Nazinakili kama zilivyo daftarini:

1. Hakikisha ni barua pepe ipi. Tazama cheti cha PIN.
2. Kaa nyumbani, tumia simu yangu.
3. Andika anwani ya Google mwenyewe. Soma kilicho kushoto mwa mkwaju.
4. Jibu kila swali, hata kwa kukisia.
5. Msimbo nilioomba, nauandika mwenyewe kwenye ukurasa. Msimbo nisioomba, siusomi kwa mtu, hata awe mtoto wangu kwenye simu.
6. Nikishaingia: nambari ni yangu? Barua pepe ya dharura ni ya nani? Vifaa ni vyangu?
7. Hakuna malipo.

Hatua ya tano aliongeza maneno ya mwisho mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hata mtoto wake, akasema mtoto wake halisi atakuja nyumbani.

Njia hii ina mipaka yake. Kuna akaunti ambazo hazirudi. Kama laini ya simu ilishapotea na kupewa mtu mwingine, barua pepe ya dharura haipo, na kifaa cha zamani kilitupwa, mtambo utasema hauwezi kuthibitisha kwamba akaunti ni yako, na hakuna mtu wa kumlilia. Unaweza kujaribu tena baadaye ukiwa kwenye kifaa na mahali panapofahamika. Wakati mwingine hukubali. Na akaunti ambayo haijatumika kwa miaka 2 Google inaweza kuifuta kabisa, sera iliyoanza kutekelezwa Desemba 2023. Akaunti inapokataa kurudi ndipo wakora huvuna zaidi, kwa sababu mtu aliyekataliwa na mtambo humwamini binadamu yeyote anayesema ana rafiki ndani. Hakuna rafiki ndani. Lakini kupoteza barua pepe si kupoteza PIN: mlipa ushuru anaweza kwenda na kitambulisho chake kwenye ofisi ya KRA, au kwenye Kituo cha Huduma mjini Eldoret, akaomba anwani nyingine isajiliwe. Safari ya matatu kutoka Kesses hadi Eldoret ni bora kuliko ada ya mkora, nayo humaliza jambo.

Na kama tarakimu zimekwisha kusomwa kwa mtu? Usimlaumu mzee kwanza; dakika ni chache. Fungua akaunti kwenye simu ambayo bado iko ndani, badilisha nenosiri, ondoa vifaa vigeni, kagua nambari na barua pepe ya dharura, kisha pitia mipangilio ya Gmail kuona kama mtu ameamuru barua zipelekwe kwake kimyakimya. Ikiwa ni nenosiri lile lile linalotumika kwa iTax au eCitizen, nazo zibadilishwe siku hiyo hiyo. Lawama zina hasara moja kubwa: mzee aliyelaumiwa leo, kesho akikosea ataficha.

Ndugu msomaji, ukienda kwenu mwezi huu, usingoje nenosiri lisahauliwe. Mwombe mzee wako afungue `myaccount.google.com/security` kwa mkono wake mwenyewe, msome pamoja nambari na barua pepe ya dharura iliyopo, na mkikuta ya mtu wa sayba au laini ya zamani, mbadilishe hapo hapo. Kisha, ukiwa kando yake, omba msimbo kwa simu yako auone ukiingia kwake. Onyesho hilo moja litamlinda kuliko maonyo yote utakayompa.